Sura ya Nne: Kodi Iliyomo Ndani ya Bei

Mtumishi wa mshahara huiona kodi yake kila mwisho wa mwezi, imeandikwa kwa tarakimu katika hati ya malipo. Na mwenye nyumba huiona kodi ya jengo inapokatwa pale anaponunua umeme wa luku. Lakini mama aliyepatana bei ya godoro Kariakoo, na kijana anayenunua vocha ya simu, na mzee anayeagiza mabati ya kuezekea nyumba yake kabla ya masika, wote hawa huilipa dola kodi bila ya kupelekewa madai, bila ya kusimama mbele ya dirisha la mtoza kodi, na aghalabu bila ya kujua kwamba wamelipa. Kodi hiyo ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile ambayo katika risiti huandikwa kwa herufi tatu, VAT, na ambayo Tanzania Bara ilianza kutozwa tarehe 1 Julai 1998 kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, ikashika mahali pa kodi ya mauzo ya zamani. Kiwango chake hapo mwanzo kilikuwa asilimia 20. Tangu mwaka 2009 kiwango cha kawaida kimekuwa asilimia 18. Zanzibar, ambayo ina sheria yake na mamlaka yake ya mapato, hutoza asilimia 15, na Kenya asilimia 16.

Madhumuni ya sura hii ni kumwonyesha mnunuzi jinsi fedha yake inavyopita katika mikono ya watu wengine hata kuifikia Hazina, na kumthibitishia jambo moja ambalo mazungumzo ya madukani huligeuza juu chini, nalo ni kwamba mlipaji wa kodi hii ni yeye, wala si tajiri wa duka. Tajiri huipokea, huiandika, huiweka, kisha huipeleka inakotakiwa. Kwa lugha ya watu wa pwani tungesema kwamba ameshikishwa amana. Na mwenye amana, ajuapo mali yake ni kiasi gani na iko kwa nani, ndiye awezaye kuuliza imefika au haikufika.

Hebu tulitazame hilo ongezeko la thamani lenyewe. Kila mtu ashikaye bidhaa njiani, tangu inapokuwa mali ghafi mpaka inapoingia nyumbani kwa mtumiaji, huiongezea thamani: mwenye kiwanda kwa kuiunda, mwenye ghala kwa kuisafirisha na kuihifadhi, mwenye duka kwa kuileta karibu na kuiuza moja moja. Tofauti kati ya bei aliyonunulia na bei aliyouzia, ambayo ndani yake mna ujira wa vibarua wake, pango la duka lake na faida yake, ndiyo thamani aliyoiongeza yeye. Sheria yataka kodi ilipwe juu ya tofauti hiyo peke yake, isirudiwe juu ya yale yaliyokwisha kutozwa huko nyuma. Na njia iliyobuniwa ya kulitimiza jambo hilo ni nyepesi kuliko mtu anavyodhani. Kila mfanyabiashara aliyesajiliwa hutoza kodi juu ya bei yake yote anapouza, kisha hutoa humo kodi aliyoilipa yeye aliponunua, na kinachobaki ndicho anachokipeleka Mamlaka ya Mapato, pamoja na ritani yake, kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Na tulifuate godoro moja, kwa hesabu za mfano zilizochaguliwa ziwe nyepesi kukumbukwa. Mwenye kiwanda ameagiza kutoka ng'ambo kemikali za kuumulia sponji pamoja na kitambaa, na vitu vitoshavyo godoro moja vimefika bandarini Dar es Salaam vikiwa na thamani ya shilingi 50,000, ikiwa imekwisha kujumlishwa bima, nauli ya meli na ushuru wa forodha, kwani kodi hii hutozwa juu ya hayo yote. Forodhani analipa asilimia 18, yaani shilingi 9,000. Godoro likikamilika analiuza kwa mwenye ghala kwa shilingi 100,000, na juu yake anaongeza kodi ya shilingi 18,000, hata mwenye ghala akatoa shilingi 118,000. Katika zile 18,000 mwenye kiwanda anazitoa 9,000 alizokwisha kuzilipa forodhani, na 9,000 zilizobaki anazipeleka serikalini.

Mwenye ghala naye analiuza godoro kwa mwenye duka kwa shilingi 120,000, na kodi yake ni 21,600. Yeye alikwisha kumlipa mwenye kiwanda 18,000, kwa hiyo anapeleka 3,600 tu. Mwenye duka analiweka godoro mlangoni, likiwa limefungwa katika nailoni, naye amekusudia kupata shilingi 150,000. Kodi juu yake ni 27,000, na bei anayoitaja kwa mteja ni shilingi 177,000. Kodi aliyoilipa ghalani ni 21,600, basi anapeleka 5,400. Sasa msomaji na ajumlishe mwenyewe yaliyoingia Hazina: 9,000 za forodhani, 9,000 za kiwandani, 3,600 za ghalani, na 5,400 za dukani. Jumla yake ni shilingi 27,000 barabara, nazo ni zile zile zilizokuwamo ndani ya bei aliyoilipa yule mama. Watu watatu wamepeleka fedha serikalini kabla yake, na kila mmoja wao amerejeshewa alichokitoa na yule aliyemfuata. Lakini yeye, akifika nyumbani na kulitandika godoro kitandani, hana wa kumfuata ambaye atamrejeshea chake. Mnyororo umekomea kwake, na mzigo wote umekaa mabegani mwake.

Mtu aweza kuuliza kwa nini serikali isisubiri pale mlangoni mwa duka, ikatwaa zile 27,000 kwa mara moja na kuwaacha wengine na shughuli zao. Jibu limo katika hesabu yenyewe. Kodi ikingojewa mwisho wa njia, muuzaji mmoja asiye mwaminifu aweza kuipoteza yote. Lakini ikikusanywa kidogo kidogo, hata mwenye duka akifanya khiyana, shilingi 21,600 katika zile 27,000 zimekwisha kuingia huko nyuma. Tena kila mnunuzi wa katikati anaitaka ankara ya kodi kwa masilahi yake mwenyewe, kwa sababu bila ya ankara hiyo hawezi kukitoa katika hesabu yake alichokilipa. Utaratibu huu uliundwa na mtumishi wa idara ya kodi ya Ufaransa aliyeitwa Maurice Lauré, ukawa sheria nchini mwake mwaka 1954, wakati ambapo nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zikitoza kodi juu ya mauzo yote ya kila hatua, hata ikawa kodi inazaa kodi, na bidhaa iliyopita mikono mingi ikawa ghali kuliko iliyopita mikono michache. Huko Ufaransa wenye maduka ya rejareja hawakuingizwa mwanzoni. Waliingizwa mwaka 1968. Kutoka huko utaratibu ukaenea duniani, ukaifikia Kenya mwaka 1990 na Uganda mwaka 1996.

Hapa pana kosa moja la hesabu ambalo hufanywa hata na watu waliosoma. Mteja aliyeambiwa kwamba kodi ni asilimia 18, naye amelipa shilingi 177,000, huzidisha 177,000 kwa 18 na kugawanya kwa 100, akapata 31,860, akasema ndiyo kodi yake. Sivyo, kwani asilimia 18 zilihesabiwa juu ya bei kabla ya kodi, na ile bei aliyoilipa ina kodi ndani yake tayari. Njia sahihi ni kuzidisha bei yote kwa 18 kisha kugawanya kwa 118, na hapo ndipo inapotoka 27,000. Kwa makadirio ya haraka ya sokoni, mtu akiigawanya bei kwa sita na nusu atakuwa karibu sana na ukweli. Katika kila shilingi 1,000 anayoilipa kwa bidhaa yenye kodi kamili, shilingi 152 na ushei si za mwenye duka.

Yote tuliyoyasema yanamhusu mwenye duka aliyesajiliwa. Lakini wengi wetu hununua kwa Mangi wa mtaani, au katika kibanda cha jirani, kwa watu ambao mauzo yao hayafikii kiwango cha kusajiliwa, nacho kwa Tanzania Bara tangu mwaka 2023 ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mtu asiyesajiliwa haruhusiwi kutoza kodi hii, na ndiyo maana wapo wadhanio kwamba anunuaye kwake ameepukana nayo. Tuliweke godoro letu katika duka lake tuone. Naye alilinunua ghalani kwa shilingi 141,600, ndani yake mna kodi ya 21,600. Ila yeye, kwa kuwa hakusajiliwa, hana mahali pa kuidai. Kodi ile kwake imekuwa gharama kama nauli ya kirikuu au ujira wa mbebaji. Akitaka faida ile ile ya shilingi 30,000, atauza kwa 171,600. Mteja hakutozwa kodi yoyote, wala risiti, ikiwapo, haina mstari wa kodi; hata hivyo shilingi 21,600 za kodi amezilipa. Alichosamehewa ni zile 5,400 tu za hatua ya mwisho. Huku ndiko kulipa bila ya kuona kulikotimia hasa, maana hata akitaka kuitafuta kodi hiyo hatapata karatasi inayoitaja.

Hali hiyo hiyo hutokea, kwa kificho zaidi, katika vitu ambavyo sheria imevisamehe. Nafaka na mboga zisizosindikwa, mathalan, hazitozwi kodi hii nchini Tanzania, na msamaha huo una insafu ndani yake, kwa sababu maskini hutumia sehemu kubwa zaidi ya pato lake kwa chakula kuliko tajiri. Lakini kusamehewa kuna namna mbili, nazo hazilingani. Namna ya kwanza ni msamaha tu: muuzaji hatozi kodi, wala harejeshewi ile aliyoilipa kwa magunia, kwa matengenezo ya lori na kwa pango la ghala, basi huitia katika bei kimya kimya. Namna ya pili ni kiwango cha sifuri: muuzaji hatozi kitu, na juu ya hayo hurejeshewa yote aliyoyalipa nyuma, hata bidhaa ikawa safi kabisa bila ya chembe ya kodi. Namna hii ya pili ndiyo wanayopewa wauzao bidhaa nchi za nje. Nchini Kenya mkate wa kawaida umewekwa katika kiwango cha sifuri. Na mwaka 2024, muswada wa fedha ulipopendekeza utozwe asilimia 16, jambo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyowakasirisha wananchi kabla ya muswada wote kuondolewa. Wakenya walijua, pasipo kusoma sheria, kwamba kodi iliyotajwa katika muswada itakuja kulipwa mezani wakati wa chai ya asubuhi.

Ni wajibu pia kumfanyia mfanyabiashara uadilifu. Haikosi kuwa kweli kwamba kodi hii humsumbua, ijapokuwa si yake. Akimkopesha mteja bidhaa na kumwandikia ankara, kodi yake huhesabiwa katika mwezi ule ule, ingawa fedha yenyewe huenda ikaja baada ya miezi mitatu. Na akiwa katika soko lenye ushindani mkali, huenda akashindwa kuipandisha bei kwa kodi yote, akalazimika kuimeza sehemu yake kutoka katika faida. Sheria yaweza kuamuru kodi iwe ya mtumiaji, lakini soko ndilo linaloamua ni kiasi gani kimfikie. Mnunuzi asiyeiona kodi hana njia ya kulijua hilo. Kiwango kiliposhuka kutoka 20 hadi 18 mwaka 2009, kitu cha shilingi 150,000 kabla ya kodi kilistahili kushuka kutoka 180,000 hadi 177,000. Bei isiposhuka, zile 3,000 huwa zimehama kutoka mfuko wa Hazina kuingia mfuko wa muuzaji, na mteja asiyejua hesabu hatahisi hata kidogo. Hali kadhalika nchini Kenya, kiwango kiliposhushwa kutoka 16 hadi 14 mwezi wa Aprili mwaka 2020 na kurudishwa Januari 2021, ni wale tu waliosoma risiti zao walioweza kusema kama nafuu iliwafikia.

Sasa tufike mahali ambapo kodi hii hupotea zaidi, na hupotea kwa ridhaa ya mlipaji mwenyewe. Mteja amekwisha kupatana bei, muuzaji anamwinamia na kumwuliza, "Dada, unataka na risiti au bila risiti?" Bila ya risiti atapunguziwa, tuseme godoro ataachiwa kwa shilingi 172,000. Mteja anafurahi kwamba ameokoa 5,000. Lakini tuitazame hesabu ya upande wa pili wa meza. Kwa mauzo ya haki mwenye duka alikuwa abakie na shilingi 30,000, ambayo ni tofauti ya 150,000 na 120,000. Kwa mauzo ya siri amepokea 172,000 zote. Na ile kodi ya 21,600 aliyoilipa ghalani anaikata katika kodi ya mauzo yake mengine, kwa kuwa ankara ya ghala anayo mkononi. Godoro kwa hiyo limemgharimu 120,000, na amebakia na 52,000, yaani 22,000 zaidi ya haki yake. Zile 27,000 za umma zimegawanywa pale pale juu ya meza: mteja amepewa 5,000, na muuzaji amechukua 22,000. Na mteja, juu ya kupunjwa katika mgawanyo huo, ametoka bila ya ushahidi kwamba alinunua. Godoro likibonyea kabla ya muda wa dhamana, atarudi dukani na maneno matupu. Fauka ya hayo, sheria ya Tanzania inamwajibisha mnunuzi kudai risiti kama inavyomwajibisha muuzaji kuitoa, na asiyedai anaweza kutozwa faini.

Risiti yenyewe haina ugumu wa kusomwa. Ile itolewayo na mashine ya kielektroniki ya kodi, mashine ambazo zilianza kutumika nchini mwaka 2010, huwa na mistari mitatu inayohusu jambo letu, na kwa godoro letu ingesomeka hivi:

```
TOTAL EXCL OF TAX    150,000.00
TOTAL TAX             27,000.00
TOTAL INCL OF TAX    177,000.00
```

Mstari wa kwanza ni bei ya muuzaji, wa pili ni fedha ya umma, na wa tatu ni jumla aliyoitoa mteja. Juu kabisa ya risiti, chini ya jina la duka, hutafutwa herufi VRN, ambazo mbele yake huandikwa namba ya usajili wa kodi hii. Ikiwa mbele yake hapana namba, duka hilo halikusajiliwa. Na ikiwa muuzaji wa namna hiyo amekuambia kwamba bei ni kadhaa lakini itaongezwa asilimia 18, ujue kwamba anakutoza kitu ambacho hana mamlaka ya kukitoza, na ambacho hakitafika popote. Jambo la pili la kutazama ni kiasi: wapo wanaoandika shilingi 17,700 kwa bidhaa ya 177,000, kwa kupunguza sifuri moja, na mteja akaikunja karatasi bila ya kuitupia jicho. Mwisho wa risiti pana namba ya uhakiki pamoja na mraba wa vidoto wa kupigwa picha kwa simu. Namba hiyo ikiingizwa katika verify.tra.go.tz, pamoja na saa ya mauzo, risiti iliyo ya kweli hujitokeza yote kama ilivyochapwa. Isiyojitokeza ina walakini, na mahali pa kuipeleka ni ofisi ya Mamlaka ya Mapato iliyo karibu.

Wapo wasemao kwamba hawana haja ya kuisumbukia kodi ambayo matumizi yake wao hawayaamui. Hoja yao ina uzito katika upande wa matumizi, na raia ana haki kamili ya kuuliza fedha yake imejenga nini. Ila katika upande wa malipo haisimami, kwa sababu fedha yenyewe imekwisha kutoka mfukoni mwao, ama wameisumbukia ama hawakuisumbukia. Kilichobaki kuamuliwa ni kama itafika Hazina, ambako yaweza kuulizwa, au itasalia katika saraka ya duka, ambako haiulizwi na mtu. Basi ewe msomaji, utakaponunua kitu tena, gawanya bei kwa sita na nusu uijue kodi yako. Dai risiti yenye kiasi ulichokitoa hasa. Tazama namba ya usajili iliyo mbele ya VRN. Na ukiulizwa kama unaitaka risiti au huitaki, jibu kwamba unaitaka, kwa kuwa kodi iliyomo ndani yake umeilipa wewe.